Nilivyopokea taka za boti na meli Lindi: fedha, bamvua na saini

Kwa miaka sita nilinunua dagaa mchele pale Lindi mjini, nikawachemsha, nikawaanika na kuwasafirisha bara. Kazi ya taka niliingia mwishoni mwa 2023 bila kuipanga. Kikundi chetu cha watu tisa, wanawake saba na vijana wawili, kilikuwa kinafagia diko, pale boti zinaposhusha samaki, kila asubuhi kwa malipo kidogo. Siku moja kwenye mkutano wa BMU, kikundi cha watu wa uvuvi kinachosimamia ufukwe, mzee mmoja akasema tunajisumbua kufagia mchanga wakati boti zinaondoka na makatoni ya maji na kurudi hazina hata kifuniko. Mwenyekiti akauliza nani atapokea taka za vyombo. Watu kimya. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na alikuwa ananitazama mimi, nikanyoosha mkono.

Mwezi uliopita wenzetu wa diko moja upande wa Mtwara walinipigia simu, wanataka kuanza kazi kama yetu. Nilidhani nitawaeleza kwa dakika tano, tukaongea mpaka salio lao likaisha. Ndiyo maana naandika. Makosa yangu mengi yalikuwa ya fedha na ya kutokujua maji. Moja lilikuwa la saini, na hilo ndilo linaniuma zaidi kuliko fedha zote.

Nianze na fedha. Tulikaa kikundi tukapanga bei: kiroba kimoja cha taka kutoka kwenye boti, shilingi 500. Kwetu ilikuwa hesabu ya wazi, anayeleta taka ndiye anayelipia. Tukaandika ubao, tukaweka meza na daftari, kijana wetu mmoja akakaa pale kuanzia boti za kwanza zinapoingia alfajiri. Wiki ya kwanza tulipata viroba vinne. Wiki ya pili kimoja, na huyo aliyekileta alikuwa shemeji yangu.

Nikataka kujua taka zinaishia wapi. Jioni moja nikakaa karibu na boti ya dagaa ya wavuvi 18 wakati wanapakia, nikajifanya nasubiri mtu. Nilihesabu katoni tatu za maji, kila katoni chupa 12. Mkate wa mifuko, biskuti, sigara, betri za tochi, na vifuko vya nailoni vya karanga sikuvihesabu. Alfajiri boti iliporudi nikaenda tena. Ndani ya boti palikuwa na taa, nyavu, ndoo na dagaa. Chupa 36 hakuna hata moja. Nilifanya hivyo siku tatu kwa boti tatu tofauti, na mara moja tu niliona chupa mbili, zimewekwa petroli.

Nahodha wa boti ya kwanza ni mtu mzima, tunaheshimiana. Nikamwamkia, nikamuuliza bila kuzunguka. Hakukasirika. Akaniambia, "Mwanangu, kiroba nikikileta nalipa. Nikikitupa silipi. Wewe ungefanyaje?"

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, nadhani kwa sababu alikuwa sahihi. Bei yetu ilikuwa inamtoza mtu anayefanya jema na kumwachia bure anayetupa. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba hata bandari kubwa za Ulaya zilipitia huko huko, zikaamua chombo kilipe ada ya taka kwa kule kuingia bandarini tu, kiwe kimeleta taka au hakikuleta. Lakini wakati ule sikujua hayo. Nilikuwa na daftari, kalamu na maneno ya yule nahodha.

Tulipiga hesabu upya. Kupeleka taka dampo kwa guta ilikuwa shilingi 15,000 kwa safari, mara mbili kwa wiki, yaani kama 120,000 kwa mwezi. Kijana wa kukaa mezani alfajiri, 150,000. Glavu, viroba na sabuni, 20,000. Jumla 290,000. Boti zinazoshusha kwetu kwa uhakika zilikuwa 25, na wavuvi wa dagaa hawaendi mwezi wote kwa sababu mbalamwezi ikikolea taa zao hazivuti samaki. Tukakisia safari 20 kwa kila boti. Mara 25, ni safari 500. Ukitoza shilingi 600 kwa kila safari unapata 300,000, zinatosha na chenji ya 10,000.

Tukapeleka hesabu hiyo BMU, ikajadiliwa vikao viwili, ikaandikwa kwenye muhtasari, na halmashauri ikajulishwa. Hatua hiyo msiiruke hata kama inachosha, maana siku mtu akikataa kulipa huna cha kumwonyesha zaidi ya huo muhtasari. Shilingi 600 ikawa inakatwa mnadani pamoja na ushuru mwingine, boti ilete taka isilete. Kiroba kikawa bure. Tena tukawa tunampa nahodha kiroba kitupu jioni anapoondoka, kimefungwa kwenye mbao ya ndani kwa kamba nyekundu, ili asiseme hakuwa na pa kuweka.

Wiki ya kwanza ya utaratibu mpya walinung'unika sana. Wiki ya pili viroba vikaanza kuja, kumi na kitu kwa siku. Yule nahodha alikuja na viwili akaviangusha mbele ya meza. "Nimeshavilipia hivi," akasema, kama mtu anayekuja kudai chake. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Hesabu hiyo ina tundu na niliseme. Kusi likivuma kwa nguvu boti nyingi hulala siku kadhaa, safari zinapungua, lakini kijana wa mezani anataka mshahara wake ule ule. Mwaka wa kwanza mwezi wa Julai tulilipana nusu. Sasa miezi ya kaskazi, ambayo bahari ni nzuri, tunatenga fedha ya kulia miezi ya kusi. Anayeanza aanze na hilo kichwani.

Sasa kosa la maji, ambalo mtu wa pwani kulifanya ni aibu.

Viroba vilipoanza kuja tulihitaji pa kuviweka kabla guta halijafika. Tukatoa akiba ya kikundi, shilingi 340,000, tukajenga kizimba cha nguzo na waya, mita tatu kwa mbili, bila paa. Mahali nilichagua mimi. Ilikuwa Februari, wakati wa maji mafu, siku ambazo maji hayajai sana, nikaangalia maji yanapofika, nikapiga hatua kumi kwenda juu, nikasema hapa. Nilitaka kiwe karibu na boti ili watu wasichoke kubeba.

Matatizo yalianza kwa kunguru. Kizimba hakikuwa na paa, wakawa wanachomoa vifuko, wanapasua, upepo unamalizia kazi. Halafu vifuniko vya chupa vikawa vinapita kwenye matundu ya waya na kuanguka mchangani. Tukasema tutarekebisha, ni mambo madogo.

Machi 2024 mwezi wa Ramadhani ulipoandama, kizimba kilikuwa na viroba 36. Mwenye guta alikuwa ameahidi kuja Jumapili, akasema Jumatatu, akaacha kupokea simu. Usiku wa pili au wa tatu wa mfungo, muda wa daku, nilikuwa napakua uji nikasikia kijana wetu anagonga dirisha. "Dada, maji yamepanda mpaka kizimbani."

Kila mtu wa pwani anajua kwamba mwezi ukiandama na ukipevuka maji hujaa sana na kupwa sana, na kwamba bamvua kubwa la mwaka huja karibu na Machi na karibu na Septemba. Anajua pia kwamba kwetu bamvua hujaa alfajiri na alasiri, kwenye saa kumi. Mimi nilijua yote hayo na nikajenga kizimba kwa kupima maji mafu. Tulipofika maji yalikuwa magotini ndani ya kizimba, viroba vya chini vinaelea na kusukuma vya juu. Waya wa upande mmoja ulikuwa umelala. Tulivuta viroba 21 kwenye giza. Vilivyobaki 15 viliondoka na maji yalipoanza kupwa.

Maana yake zile chupa zilikuwa zimebebwa na wavuvi kutoka baharini mpaka nchi kavu, wakalipia, na sisi tukazirudisha baharini kwa pamoja, nyingi kuliko boti yoyote ingeweza kutupa kwa usiku mmoja. Sikula ile daku.

Siku tatu baadaye tukapigiwa simu kutoka Kitunda, ng'ambo ya ghuba. Upepo ulikuwa bado kaskazi, ulikuwa umezipeleka huko na kuziingiza kwenye mikoko. Nilivuka na vijana wanne. Mzee mmoja alitupokea ufukweni ameshika kiroba kilichopasuka. "Hizi ni za kwenu," akasema, "zina kamba nyekundu." Sikuwa na la kujibu. Tulishinda siku mbili kwenye tope, tunachomoa chupa katikati ya mizizi ya mikoko kwa mkono, maana reki haiingii pale. Tulirudi na kama viroba tisa. Posho, nauli ya mtumbwi na futari ya vijana ilinitoka mfukoni, 85,000.

Kizimba cha pili tulikijenga hivi. Kwanza tulitafuta alama ya maji yenyewe. Bamvua likipita huacha mstari wa majani makavu ya baharini, vijiti na vipande vya mwani; tulitafuta ule mstari wa juu kabisa, mkavu kuliko yote, tukapiga hatua 30 kutoka hapo. Sakafu tuliinua kwa mbao usawa wa goti. Ndani ya waya tulizungushia nyavu ya dagaa iliyochakaa, matundu yake madogo hata kifuniko cha soda hakipiti. Paa la bati, na mlango unaofungwa kwa komeo. Kwa kuwa sasa ni mbali na boti tulinunua toroli, na tulikuta wavuvi hawajali umbali kama kuna toroli.

La pili ni tarehe. Guta sasa haliji kwa siku za wiki tu. Tunafuata mwezi: tarehe 13 na tarehe 28 za mwezi wa Kiislamu kizimba lazima kiwe tupu, kabla bamvua halijaja. Na tuna namba za waendesha guta watatu, wa kwanza asipopokea mara mbili tunampigia wa pili. Ubao wenye tarehe hizo tumeutundika mlangoni na wavuvi wenyewe ndio wanaotukumbusha.

Kuna jambo jingine lilitokea Mei mwaka huo huo ambalo sikulitarajia. Kimbunga Hidaya kilipopita na mvua zake, barabara ya Dar es Salaam ilikatika upande wa Kilwa, maeneo ya Somanga. Chupa safi tulikuwa tunazitenga na kuzikandamiza kwa ajili ya mnunuzi anayezipakia kwenye malori yanayorudi Dar es Salaam. Malori yakasimama, chupa zikajaa kizimba, pa kuweka taka nyingine hapana. Tangu hapo chupa za kuuza tunaziweka kwenye stoo ya nyuma ya soko, kizimba kibaki cha taka zinazokwenda dampo peke yake.

Sasa meli.

Kwetu meli si nyingi. Majahazi na mashua yanaingia, lakini meli ya mizigo ni ya mara moja moja. Agosti 2024 wakala wa meli alinipigia simu saa nne asubuhi: kuna meli ndogo ya mizigo imetoka nje ya nchi, inaondoka jioni, ina taka, na kikundi chetu ndicho kilichotajwa kuzipokea. Bei tulikubaliana kwenye simu. Nikafurahi, nikaona sasa tumekuwa watu wa maana.

Alasiri wakashusha viroba na mifuko mikubwa myeusi, 14. Baharia akanipa karatasi ya kusaini, imeshajazwa: plastiki mita za ujazo mbili, mabaki ya chakula nusu mita, taka nyingine nusu mita, jumla mita tatu za ujazo. Nilitazama ile mifuko, nikaona mingi. Mita ya ujazo mimi nilikuwa sijawahi kuipima. Jua lilikuwa linazama na wakala anaangalia saa. Nikasaini, nikapiga muhuri wa kikundi.

Nilipoifungua mifuko ile kesho yake ndipo nilipoanza kujuta. Mabaki ya wali na mifupa yalikuwa yamechanganywa na chupa. Kulikuwa na matambara yaliyolowa oili, makopo ya rangi yenye rangi ndani, na taa ndefu ya mrija imevunjika. Mwenye guta akanusa, akatazama, akasema hizi hachukui, akizikuta mwenye dampo atamrudisha. Wakati tunabishana, mbuzi wawili wa mtaani walikuwa wameshaingiza midomo kwenye mfuko wa wali. Tukawafukuza, lakini walishakula.

Nilikwenda kwa mzee mmoja jirani yangu, baharia mstaafu aliyefanya kazi kwenye meli za nje miaka mingi. Nilikwenda kuuliza habari ya oili tu. Akaniuliza, "Ile karatasi uliandika mita ngapi?" Nikamwambia tatu. "Ulipimia nini?" Nikanyamaza.

Akaniambia twende na pipa. Pipa la kawaida la mafuta ni lita 200, na mita moja ya ujazo ni lita 1,000, kwa hiyo mapipa matano ni mita moja. Tukachukua pipa tupu, tukawa tunalijaza mifuko ile, tunashindilia kidogo kama ilivyokuwa imeshindiliwa, tunamwaga pembeni, tunahesabu. Yakatoka mapipa sita. Mita 1.2.

Mimi nilikuwa nimesaini tatu.

Yule mzee alinieleza kilichokuwa kinaendelea, na hapa ndipo mtu anayepokea taka za meli anatakiwa asome taratibu. Upo mkataba wa kimataifa unaoitwa MARPOL, na kiambatisho chake cha tano kinahusu taka za vyombo. Plastiki hairuhusiwi kutupwa baharini popote pale, iwe meli kubwa au mtumbwi. Chakula kinaruhusiwa kwa masharti: ukiwa zaidi ya maili 12 za bahari kutoka nchi kavu, au zaidi ya maili tatu kama kimesagwa kikapita kwenye tundu la milimita 25. Meli ikifikia ukubwa fulani lazima iwe na kitabu cha kumbukumbu za taka. Zamani ilikuwa kuanzia tani 400 za ujazo wa meli. Tangu tarehe 1 Mei 2024 ni kuanzia tani 100. Kila taka inapotoka melini nahodha anaandika tarehe, mahali, aina ya taka na mita za ujazo, na stakabadhi ya aliyepokea inatunzwa pamoja nacho. Kitabu kikijaa kinakaa melini miaka miwili, mkaguzi wa bandari yoyote anaweza kukifungua.

"Sasa," akasema mzee, "yule nahodha ana karatasi yako inayosema ameacha Lindi mita tatu. Ameacha moja na kitu. Hiyo nyingine iko wapi?"

Inawezekana alikosea kukadiria, watu wengi hukadiria kwa macho. Inawezekana ilikuwa bado melini. Inawezekana ilikwisha kuingia baharini siku nyingi na yeye alikuwa anatafuta karatasi ya kuifunika. Sitajua. Ninachojua ni kwamba kama ilitupwa, aliyeisafisha kwa maandishi ni mimi, kwa muhuri tuliochongesha kwa shilingi 25,000. Karatasi ilikuwa imeshasafiri, siwezi kuifuata.

Kuhusu mabaki ya chakula ya meli inayotoka nje, hayo hayatakiwi kuguswa na mbuzi, nguruwe wala kuku, kwa sababu nyama na mifupa ya nchi nyingine inaweza kuleta magonjwa ya mifugo. Yanachomwa au yanafukiwa chini sana, na bwana afya anajulishwa. Tulichimba shimo, tukafukia. Matambara ya oili na rangi tuliyaweka kwenye pipa lenye kifuniko, tukapata wa kuyachukua baada ya wiki tatu. Wenye mbuzi tuliwaambia ukweli, na bwana afya akawaagiza wawatenge kwa muda. Hawakudhurika, ila tulilaumiwa mtaa mzima. Jumla ile meli ilitulipa 80,000 na ikatugharimu 130,000.

Kabla sijamaliza habari ya meli, niseme kidogo kuhusu nyuzi, maana huwa zinasahaulika. Watu wakisikia nyavu baharini wanafikiria nyavu nzima iliyopotea. Kwetu mvuvi hatupi nyavu nzima ovyo, ataikata vipande aifanyie kitu, uzio wa kuku au kamba. Kinachoingia majini kila siku ni vile vipande vya uzi vya urefu wa kidole anavyokata wakati wa kushona. Nilikaa na fundi mmoja wa nyavu asubuhi moja chini ya mkungu: anafunga fundo, anakata mkia wa uzi kwa wembe, unaanguka mchangani. Fundo, wembe, mkia. Kwa saa moja mchanga mbele ya miguu yake ulikuwa wa bluu na kijani. Jioni maji yanakuja yanavichukua, na huwezi kuvifagia kwa sababu vinaingia ndani ya mchanga.

Nilimkatia chupa ya lita moja na nusu shingo, nikaitoboa, nikaifunga kwa kamba kwenye paja lake. Alicheka, akasema anaonekana kama mgema aliyesahau mnazi. Lakini mkono wake ulizoea, mkia wa uzi sasa unaangukia chupani bila yeye kutazama. Mafundi wote wanane wanazo sasa. Chupa ikijaa wanaileta mezani. Katika yote tuliyofanya hiyo ndiyo iliyokuwa rahisi zaidi, haikutugharimu chochote, na ilinijia baada ya mwaka mzima.

Meli ya pili ilikuja Novemba. Safari hii nilikuwa nimeshawaambia mawakala wote: taarifa inipate saa 24 kabla, kwa maandishi, ikitaja kila aina ya taka na mita zake. Plastiki mbali, chakula mbali ndani ya ndoo zenye vifuniko, vya oili mbali, rangi, betri na taa mbali. Isiyotengwa haishuki kwenye gati. Ada ni moja, inalipwa chombo kikiingia, na inatosha taka mpaka mita mbili za ujazo, ili pasiwe na nahodha wa kupunguza mifuko kwa kuogopa bei. Zaidi ya hapo tunazungumza. Na mapipa matano matupu yanasubiri gatini, yamepakwa mstari mweupe kwenye nusu.

Karatasi ilisema mita mbili. Tukapima mbele ya baharia wao, pipa baada ya pipa, kijana wetu anahesabu kwa sauti. Mapipa tisa. Nikaandika 1.8.

Ofisa wa meli akateremka, kijana mpole, anaongea Kiswahili cha Kimombasa. Akasema, "Mama, tofauti ni ndogo sana, tuandikieni mbili tu, kitabuni nimeshaandika mbili." Nikamwambia, "Baba, kitabu ni chako, utakirekebisha wewe. Huu muhuri ni wangu." Wakala akajikohoza. Nilikuwa naogopa, sitasema uongo. Nilijua wakiudhika safari ijayo watatafuta kikundi kingine, na tulikuwa tunaihitaji ile fedha kwa sababu ya madeni ya kusi. Tulisimama pale kwa muda, jua likiwa kali.

Kisha akapanda ngazi, akakaa huko kama robo saa. Aliporudi alikuwa na ndoo moja yenye kifuniko na mfuko mdogo wa makopo ya soda yaliyopondwa. "Vilikuwa jikoni," akasema. Tukavitia kwenye pipa la kumi. Lilifika karibu na mdomo.

Nikaandika mbili, nikapiga muhuri, guta likaondoka kabla ya alasiri. Ilikuwa tarehe 27 ya mwezi wa Kiislamu, siku moja kabla ya siku yetu.